Jumla ya Wilaya Imekubaliana, Shule Yetu Imepungukiwa: Namna ya Kuhakiki Kapitesheni

Swali: Mheshimiwa, mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa shule ya msingi ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa Uganda, huku mpakani. Muhula wa kwanza tulipokea shilingi 3,690,000 za kapitesheni, yaani ruzuku ya serikali kwa shule inayofuata idadi ya wanafunzi. Barua ya viwango inatoa 300,000 kwa kila shule na 6,000 kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Mwalimu mkuu anasema tuna watoto 702, kwa hiyo tumepunjwa 822,000. Wilayani tulionyeshwa jedwali la shule nne za gombolola letu. Sisi tumeandikiwa wanafunzi 655, na jumla ya fedha, milioni 15, inakubaliana kabisa na zilizotolewa. Tarakimu nimezibadilisha kidogo, viwango pia, ili shule isijulikane. Tuamini nani, na tuhakiki vipi?

Jibu: Ndugu mjumbe, kwa tarakimu ulizonitumia, hizo 822,000 ni mapengo mawili yaliyojumlishwa, na kila moja lina chanzo chake na mahali pake pa kulalamikia. Shilingi 540,000 ni kosa lililomo ndani ya jedwali la wilaya, nalo linaweza kurekebishwa. Shilingi 282,000 zilizobaki zinatokana na watoto walioandikishwa baada ya idadi ya bajeti kufungwa. Hizo hazikupotea njiani, kwa maana hazikutengwa tangu mwanzo. Mkienda wilayani na madai ya 822,000 kwa pamoja, afisa atawaonyesha kwa urahisi kwamba sehemu ya madai yenu haina msingi, na sehemu yenye msingi itakataliwa pamoja nayo. Ndiyo maana nataka tuyatenganishe kwa hesabu kabla ya yeyote kuandika barua.

Tuanze na kanuni. Fedha za shule moja kwa muhula zina vipande viwili: kiasi cha msingi ambacho kila shule hupata bila kujali ukubwa wake, na kiasi kinachotegemea idadi ya wanafunzi. Mpango wa UPE ulipoanza mwaka 1997 hesabu ilikuwa tofauti, kwa kuwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu alitengewa shilingi 5,000 kwa mwaka na wa darasa la nne hadi la saba 8,100. Nayataja hayo kwa sababu bado nakutana na wajumbe wanaoshika karatasi za zamani na kudai kwa viwango vilivyokwisha kubadilishwa. Kiwango halali ni kile cha barua ya mwaka wa fedha unaohakikiwa, na kwanza kabisa hakikisheni kama kimeandikwa kwa mwaka au kwa muhula. Kosa la kuchukua kiwango cha mwaka na kukilinganisha na fedha za muhula mmoja huzaa madai makubwa mara tatu, na nimeona mikutano mizima ya wazazi ikiharibika kwa sababu hiyo.

Kwa viwango vyenu, shule yenye wanafunzi 655 ilistahili 300,000 pamoja na 655 mara 6,000, yaani 3,930,000, na jumla yake ni 4,230,000. Ninyi mmepokea 3,690,000. Tofauti ni 540,000, na tayari inaonekana ndani ya mstari wenu mmoja, bila kugusa rejista ya shule wala kubishana kuhusu wale 702. Jedwali halikubaliani na lenyewe: safu ya wanafunzi inasema 655, safu ya fedha inasema jambo jingine.

Sasa, jambo gani hasa? Hapa ndipo ninapowaomba mfanye hesabu ambayo wengi hawaifanyi, yaani kurudi kinyumenyume. Chukueni fedha zilizotumwa, toeni kiasi cha msingi, kisha gawanyeni kwa kiwango cha mwanafunzi mmoja. Jibu ni idadi ya wanafunzi ambayo fedha hizo zinaidai, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Kwenu: 3,690,000 toa 300,000 ni 3,390,000, ukigawanya kwa 6,000 unapata 565. Jedwali limeandika 655, fedha zimetumwa kwa 565. Tarakimu ya kwanza na ya pili zimebadilishana nafasi.

Kubadilishana huko kwa tarakimu kuna alama yake. Tofauti kati ya namba na namba ileile iliyopinduliwa tarakimu mbili zinazofuatana hugawanyika kwa 9 daima bila kubaki kitu. 655 toa 565 ni 90, na 90 ni 9 mara 10. Alama hii peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa namba nyingi hugawanyika kwa 9 kwa bahati tu, lakini inapoambatana na namba mbili zinazofanana kiasi hiki, mhakiki anajua atafute kosa la kuandika kabla ya kumshuku mtu.

Kama mna kompyuta, wekeni jina la shule safu A, wanafunzi safu B, fedha zilizotumwa safu C, kisha katika mstari wa kwanza wa shule andikeni hesabu hizi tatu katika safu D, E na F na kuzivuta hadi chini:

```
=300000+B2*6000
=C2-D2
=(C2-300000)/6000
```

Safu D ni kiasi kilichostahili, E ni tofauti, na F ni wanafunzi wanaodaiwa na fedha. Kikokotoo na karatasi vinafanya kazi hiyohiyo kwa shule nne. Ulinitajia jedwali zima, nami nikalifanyia hesabu hiyo. Shule yenu ndiyo B:

| Shule | Wanafunzi katika jedwali | Kilichostahili | Kilichotumwa | Wanafunzi wanaodaiwa na fedha |
|---|---|---|---|---|
| A | 412 | 2,772,000 | 2,772,000 | 412 |
| B | 655 | 4,230,000 | 3,690,000 | 565 |
| C | 288 | 2,028,000 | 2,028,000 | 288 |
| D | 945 | 5,970,000 | 6,510,000 | 1,035 |
| Jumla | 2,300 | 15,000,000 | 15,000,000 | 2,300 |

Tazameni shule D. Imepewa fedha za wanafunzi 1,035 ilhali imeandikiwa 945; ziada ni wanafunzi 90 na shilingi 540,000, sawasawa na upungufu wenu. Ndiyo sababu jumla imekubaliana hadi shilingi ya mwisho. Afisa aliyewaambia kwamba jumla iko sawa alisema kweli, ila jumla hiyo haikuwa na uwezo wa kulijibu swali lenu. Fedha za shule zikiwa kiasi kilichokwisha kufungwa, kila shilingi inayopungua kwa shule moja huonekana kwa nyingine, na jumla haitikisiki. Jumla huthibitisha tu kwamba kilichotolewa chote kimegawanywa. Haisemi kama kimegawanywa kwa haki. Hakiki ya kapitesheni hufanyika mstari kwa mstari, na jumla hutazamwa mwishoni.

Kwa nini makosa mawili yanayotoshana kabisa yakutane katika orodha ya shule nne tu? Jibu la kawaida ni kwamba hayakuwa makosa mawili. Mwandaaji wa jedwali anapokuta jumla yake imepungua 540,000 kuliko fedha zilizotolewa, na muda wa kuwasilisha malipo umekaribia, mara nyingine huifanya shule ya mwisho, ambayo mara nyingi ndiyo kubwa, ibebe tofauti. Mstari wa mwisho hukoma kuwa hesabu ya wanafunzi na kuwa salio. Mkipata jedwali lenyewe katika kompyuta badala ya nakala ya karatasi, bofyeni kisanduku cha fedha za shule D. Kama wanafunzi 945 walizidishwa kwa kiwango, mtaona kuzidisha. Kama ni salio, mtaona kitu kama hiki:

```
=15000000-SUM(C2:C4)
```

Hilo likionekana, mjadala umekwisha, na hakuna haja ya kumtuhumu mwalimu mkuu wa shule D, ambaye huenda hajui hata kidogo kwamba alizidishiwa. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona shule mbili jirani zikiacha kusalimiana kwa jambo lililotendeka mezani kwa mtu wa tatu.

Kuna tofauti ndogo ambazo msizisumbukie. Kiwango cha mwaka kisipogawanyika sawasawa kwa mihula mitatu, mmoja atazidisha kwanza kisha agawanye, mwingine atakadiria kiwango cha muhula kisha azidishe. Kiwango cha 20,000 kwa mwaka, kwa mfano, ni 6,666 na theluthi mbili kwa muhula. Mtu akikifanya 6,667, shule ya wanafunzi 945 itaonekana imezidishiwa shilingi 315. Tofauti ya aina hiyo hukua taratibu kwa kufuata ukubwa wa shule. Tofauti inayoruka, ikawa sifuri kwa shule tatu na laki kadhaa kwa moja, haitokani na kukadiria.

Sasa tuje kwenye wale watoto 702. Tofauti kati ya 702 na 655 ni watoto 47, na kwa 6,000 kila mmoja ni 282,000. Ukijumlisha na 540,000 unapata zile 822,000 za mwalimu mkuu. Hesabu yake ni sahihi, isipokuwa inalinganisha vitu vya nyakati mbili. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, wakati mwaka wa shule huanza mapema mwaka wa kalenda. Kwa hiyo mwaka mmoja wa fedha hubeba muhula wa tatu wa mwaka mmoja wa shule, kisha muhula wa kwanza na wa pili wa mwaka unaofuata. Kapitesheni kwa kawaida hutolewa mara tatu kufuata mihula hiyo: robo ya kwanza, robo ya tatu na robo ya nne, na robo ya pili ya Oktoba hadi Desemba hupita bila fedha hizo. Wapo wajumbe waliolalamika kwamba robo nzima imeliwa, kumbe hapakuwa na cha kutolewa.

Idadi ya wanafunzi inayotumika kwa mwaka huo wote huchukuliwa wakati bajeti inaandaliwa, na Bunge linatakiwa liwe limepitisha bajeti ifikapo tarehe 31 Mei, kabla mwaka wa fedha haujaanza. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza kwenu muhula huu hakuwepo kwenye namba hiyo. Kwa hiyo kipimo cha haki cha fedha za muhula wa kwanza ni idadi iliyopelekwa wakati wa maandalizi ya bajeti. Rejista ya wiki hii inapima jambo jingine, nalo ni mahitaji yenu ya mwaka ujao. Mimi nauona mpangilio huu kuwa unawaumiza watoto wa shule zinazokua haraka, hasa za mpakani na za karibu na makazi ya wakimbizi ambako familia huhama katikati ya mwaka, lakini upungufu unaotokana na mpangilio hauwezi kudaiwa kwa mhasibu wa wilaya. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba hao 702 wanaingizwa katika EMIS, mfumo wa takwimu za shule wa Wizara ya Elimu na Michezo, kabla ya hesabu ya bajeti inayofuata kufungwa, na kwamba kamati inabaki na nakala ya kilichopelekwa, yenye tarehe na sahihi.

Nakala hiyo ni muhimu kuliko mnavyodhani, kwa maana nimechukulia mpaka hapa kwamba 655 ilikuwa namba ya kweli, na bado hamjalithibitisha. Tafuteni fomu iliyopelekwa wakati ule, mjumlishe darasa kwa darasa, kisha mlinganishe na rejista za kipindi hicho, si za leo. Darasa la saba lina kipimo cha nje: orodha ya watahiniwa waliosajiliwa kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa UNEB, baraza la mitihani la taifa, orodha ambayo haiwezi kupishana mbali na idadi ya darasa hilo bila maelezo. Namba zinazonitia shaka ni zile ambazo kila darasa linaishia na sifuri, au zinazorudi bila kubadilika miaka miwili mfululizo, au darasa la pili likiwa kubwa kuliko darasa la kwanza la mwaka uliopita bila sababu inayoonekana kijijini. Kuhesabu vichwa siku moja hakutoshi kukanusha rejista, kwa maana siku ya gulio au ya mavuno madarasa hupungua. Hesabuni siku mbili tatu za kawaida, na kila asiyekuwepo aulizwe kwa jina lake. Fanyeni hivi kwenu kwanza, kabla ya kuomba kuona rejista za wengine. Kapu likiwa moja, mwanafunzi hewa wa shule moja hulipwa kwa chaki za shule nyingine.

Kuhusu benki nitasema machache. Chukueni taarifa ya benki ya akaunti ya shule na mtazame kiasi kilichoingia kabla ya makato yoyote, kwa kuwa ada za benki hukatwa baadaye kama muamala wake wenyewe na hazihusiani na mgao. Malipo yaliyorudi kwa sababu namba ya akaunti imekosewa, au akaunti imelala, huonekana wilayani kuwa yametumwa na kwenu kuwa hayakufika. Hayo hupoteza muhula mzima kwa shule, tofauti na upungufu wa sehemu kama wenu. Kwenu 3,690,000 zimeingia kama zilivyoandikwa, kwa hiyo benki haina la kujibu.

Kabla ya kuandika barua, fanyeni tena ile hesabu ya kurudi kinyumenyume kwa fedha za muhula wa tatu uliopita, ambazo ni za mwaka huohuo wa fedha. Idadi inayodaiwa na fedha inapaswa kuwa ileile katika mihula yote mitatu. Mkipata 655 kwa muhula wa tatu na 565 kwa muhula wa kwanza, kosa liliingia kati na mnadai 540,000. Mkipata 565 pia kwa muhula wa tatu, kosa limo tangu mwanzo wa mwaka, mnadai 1,080,000 hadi sasa, na lisiporekebishwa litafika 1,620,000 muhula wa pili ukilipwa.

Jedwali mnalo kwa kuonyeshwa tu, ombeni nakala. Uganda ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa: utafiti wa ufuatiliaji wa fedha za miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba, kwa wastani, shule zilipata asilimia 13 tu ya kapitesheni zilizotengewa, na baada ya hapo serikali ikaanza kutangaza migao magazetini na kutaka ibandikwe shuleni. Mkinyimwa nakala, Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2005 inawapa haki ya kuiomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21.

Barua iandikwe na mwenyekiti wa kamati pamoja na mwalimu mkuu, iende kwa Ofisa Mkuu wa Utawala wa wilaya, ambaye ndiye ofisa mwenye dhamana ya fedha hizo, na nakala zake kwa Afisa Elimu wa Wilaya na mkaguzi wa ndani. Iwe fupi: kiwango, idadi iliyoandikwa, kiasi kilichostahili, kiasi kilichoingia, idadi inayodaiwa na fedha, na jedwali lile la shule nne. Ambatisheni barua ya viwango, nakala ya fomu ya wanafunzi na taarifa ya benki. Wale watoto 47 msiwataje humo hata kidogo. Wana barua yao, inayokwenda kwa Afisa Elimu kuhusu EMIS.

Msikubali pia shule D iwaletee fedha mkononi, hata kama walimu wakuu wawili wameelewana kwa nia njema. Shilingi zitakazotoka kwao bila barua zitaonekana kwa mkaguzi kama matumizi yasiyo na maelezo, na zitakazoingia kwenu zitakuwa mapato yasiyo na chanzo. Njia safi ni ofisi ya wilaya kurekebisha mgao wa muhula wa pili kwa maandishi: shule D ipunguziwe 540,000, yenu iongezewe kiasi hichohicho, na shule zote nne zipewe jedwali jipya. Kama shule D tayari imezitumia, huenda makato yakalazimika kugawanywa, na hilo ni la wilaya kuamua.

Tarehe ya kuangalia ni 30 Juni. Marekebisho yakiingia katika malipo ya robo ya nne, yanafanyika ndani ya mwaka uleule wa fedha. Mwaka ukifungwa, salio lisilotumika hurudi Mfuko Mkuu wa serikali, na dai lenu litahitaji kutafutiwa nafasi katika bajeti nyingine. Kwa hiyo barua na viambatisho vyake vifike wilayani kabla jedwali la muhula wa pili halijaandaliwa, na siku litakapobandikwa mfanye tena ile hesabu ya kurudi kinyumenyume kwa shule zote nne.